Siku moja na sheria ya kuhesabu mitumbwi

Saa 12 asubuhi. Nipo ufukweni Igombe, Ziwa Victoria. Mitumbwi ya dagaa inarudi mmoja mmoja, akina mama wamekaa na ndoo zao. Nikaanza kuhesabu kwa sauti: saba, nane... Mama mmoja akanigusa bega. “Mwanangu, usiihesabu. Haijafika yote.” Nikamwomba radhi. Kifungu nilichokitafuta wiki mbili nikawa nimekipata.

Saa 3. Nimerudi mezani. Ninaandika sheria za Walondo, watu wa kubuni wanaoishi kisiwa cha mawe na kuvua kwa taa siku za giza. Rasimu ya kwanza ilinisikitisha: karibu kila kosa, viboko. Adhabu zikilingana, msomaji hajui watu hawa wanaumia wapi. Katika sheria za Hammurabi wa Babeli, za mnamo mwaka 1750 KK, aliyeiba ng'ombe wa hekalu au wa ikulu alilipa mara 30. Akiwa wa mtu wa kawaida, mara 10. Haikuandikwa nani ana thamani kuliko nani. Fidia yenyewe inasema.

Basi nikaviweka viwili jirani:

Kifungu cha 12. Mtu akiiba wavu, atarudisha nyavu mbili.

Kifungu cha 13. Mtu akihesabu mitumbwi kwa sauti kabla haijarudi yote, atawasha taa ufukweni kwa mafuta yake, kila usiku wa giza, mwaka mzima.

Saa 6. Nimefuta utangulizi ulioeleza kwamba Walondo wanaheshimu matumaini ya anayesubiri. Ulikuwa unamnyima msomaji kazi yake.

Saa 9, baada ya ugali. Huu ndio muda ninaoupenda: naigeukia sheria kama mtu anayetaka kuikwepa. Mimi ni tajiri mwenye mitumbwi kumi na lazima nijue hesabu yangu. Nitahesabu kimya, kwa punje za maharage mfukoni. Wengine wataniiga, kwa hiyo kifungu cha 14 kinakataza kushika maharage ufukweni alfajiri. Mtu akikikuta peke yake ataona ni upuuzi. Akitoka cha 13 anaona vizazi vya watu wajanja. Cha 15 kinamsamehe mmoja: aliyewahi kupoteza mtu ziwani anaruhusiwa kuhesabu, na wote watanyamaza mpaka amalize.

Saa 2 usiku. Taa za wavuvi zimetapakaa ziwani. Nasoma vifungu kwa sauti na kugundua tundu kubwa. “Kabla haijarudi yote.” Na mtumbwi usiporudi kabisa? Kwa maneno yangu mwenyewe, ufukwe ule hautahesabu tena milele. Lazima awepo mtu wa kutamka kwamba umepotea, na hakuna Mlondo atakayekubali.

Saa 5 usiku nimeandika:

Kifungu cha 16. Mtumbwi usiporudi kwa siku saba, mwenye adhabu ya taa ataizima kwa mkono wake, kisha ataenda kubisha hodi kwa wafiwa.