Ninavyopima ugali na maharage kwa mkono

Hapa Uyole kwangu tunapika sufuria moja watu wanne, kwa hiyo habari ya kupima gramu za kila mtu niliiacha mapema. Napima kwa mkono. Kwa mwanamke, mlo mmoja ni kiganja kimoja cha nyama au samaki, bila vidole, unene kama wa kiganja chenyewe. Mboga za majani ni ngumi moja, wanga konzi moja, mafuta kidole gumba kimoja. Mwanaume huanzia mara mbili ya hivyo. Mkono ni wako mwenyewe, na mara nyingi mtu mkubwa ana mkono mkubwa.

Wali wa Kyela hausumbui, unaingia kwenye konzi vizuri. Kazi iko kwenye ugali, kwa sababu umeshikamana na hauchoteki. Mimi naukata, naufinyanga, kisha nauweka kando ya ngumi yangu. Ugali wa ukubwa wa ngumi nauhesabu konzi mbili, tena ukiwa mgumu kama anavyoupenda baba watoto, unazidi kidogo. Ndiyo maana kila mtu siku hizi anapakuliwa sahani yake. Kwenye sinia hakuna anayejua amekula ngumi ngapi.

Maharage nayo yana mambo mawili: yana protini na yana wanga. Siku isiyo na nyama nachota konzi mbili za maharage yaliyoiva, bila mchuzi, zikae mahali pa kiganja cha nyama. Ugali nakata nusu ngumi tu, kisha chainizi au figiri naongeza hadi ngumi mbili. Sahani inajaa, na njaa hairudi kabla ya usiku.

Mafuta ndiyo yanayojificha. Kijiko kimoja cha chakula nakihesabu kidole gumba kimoja, hivyo kwa watu wanne naanza na vijiko vinne kwa mapishi yote: maharage, mboga, kila kitu. Parachichi likiwepo mezani, robo yake ni kidole gumba kingine, na ya Rungwe mengine ni makubwa kweli. Siku hiyo mboga naichemsha tu na nyanya na kitunguu. Mama mkwe alinuna. "Mwanangu, mboga bila mafuta ni ya mgonjwa." Sasa yake naiunga pembeni.

Kama kiuno cha sketi hakijalegea baada ya wiki mbili tatu, natoa konzi moja ya wanga kwa siku, basi, viganja vya protini sivigusi. Msimu wa kulima naongeza konzi moja mchana, maana jembe linakula.

Dada yangu anayejichoma insulini hatumii makadirio haya peke yake. Dozi yake inafuata wanga anaokula na kipimo cha sukari, na hayo hupangiwa kliniki.