Cheti cha kuhitimu, toleo la nne: nakshi imebanwa, jina limepumua

Kazi ni cheti cha A4 ya kulala (milimita 297 kwa 210) cha chuo kimoja cha ufundi cha pwani. Sahihi ni mbili, ya mkuu wa chuo na ya mwenyekiti wa bodi, na mhuri wa duara unagongwa katikati yake. Kuchora kunafanyika kwenye Inkscape. Matoleo matatu ya kwanza yalikwama kwa sababu ileile: kila kitu kilipewa nafasi kabla ya jina, kisha jina likaingizwa kwenye kilichobaki. Toleo la nne limeanzia kwenye jina.

Mstari wa jina

Kwanza orodha ya wahitimu ilipangwa kwa urefu wa majina. Mpangilio hupimwa kwa jina refu kuliko yote na fupi kuliko yote, si kwa "Jina Kamili Hapa". Majina ya majaribio yalikuwa mawili ya kubuni: "Asha Ali Juma", herufi 13 ukihesabu nafasi, na "Mwanahamisi Ng’waigwa Abdulrahmani", herufi 34.

Upana wa maandishi ndani ya fremu ni milimita 223. Kwa fonti ya EB Garamond ya pointi 30, herufi ndogo hula wastani wa milimita 4.4 kila moja, hivyo jina refu linachukua kama milimita 150. Liandike lote kwa herufi kubwa, kila herufi inakula zaidi ya milimita 7, na jina linafika karibu 245. Limeshatoka nje. Ndiyo maana vyeti vingi vya herufi kubwa tupu huishia kuwa na majina yaliyominywa kwa upana mpaka herufi zinakonda. Hapa herufi kubwa ni ya mwanzo wa kila jina tu.

Fonti za mwandiko wa mapambo, kama Great Vibes, zilijaribiwa toleo la pili zikaachwa. Herufi zake ndogo ni fupi mno zikilinganishwa na kubwa, kwa hiyo pointi 30 inasomeka kama 20. Kwenye majina yetu yenye "mw", "nw" na "ahm", vijiti vinafuatana mpaka msomaji anaanza kuvihesabu. Mwandiko huo unafaa kwa maneno ambayo kila mtu anayajua tayari, na jina la mtu si mojawapo.

Ukubwa ni mmoja kwa wote. Programu ikiachwa ipunguze majina marefu peke yake, wahitimu wawili wakisimama pamoja na vyeti vyao, tofauti inaonekana mara moja. Kama jina refu halienei, punguza la kila mtu hadi pointi 26.

Nukta nukta chini ya jina zimeondolewa. Zilikuwa na kazi enzi ya kujaza kwa kalamu. Jina fupi la milimita 58 juu ya nukta za milimita 190 linaonekana kama fomu iliyojazwa nusu. Badala yake kuna weupe: milimita 9 juu ya jina na 8 chini. Maandishi yamefungwa katikati kwa `text-anchor:middle` kwenye `x` ya 148.5, kwani ukisogeza kwa kubonyeza nafasi, kila jina litaangukia mahali pake.

Kasoro moja haionekani mpaka cheti kichapwe: alama ya ng’. Majina yaliyotumwa kwa simu huja na alama za kila aina, na fonti nyingine huichora ya nyuma-mbele. Orodha nzima ilisafishwa kabla ya kuingizwa:

```
sed "s/[\`´‘']/’/g" majina.csv > majina-safi.csv
```

Nakshi ya pembeni

Umbo limechukuliwa kwenye mfaa, ule mti wa katikati ya mlango wa Kiswahili: ua linalojirudia. Ukingo wa nje wa nakshi uko milimita 10 kutoka ukingo wa karatasi. Toleo la kwanza liliweka 5, na hapo ndipo mashine ya kukatia karatasi ilipoumbua. Ikikosea milimita 1.5 tu, upande mmoja unabaki 3.5 na wa pili 6.5, karibu mara mbili. Kosa hilohilo kwenye 10 linatoa 8.5 na 11.5, ambalo jicho husamehe. Tena fremu ya kioo hufunika milimita kadhaa za ukingo.

Upana wa nakshi ni milimita 12, na kona ni miraba ya 12 kwa 12 yenye ua kubwa. Baada ya kona, upande mrefu unabaki na milimita 253 na mfupi 166. Ua la milimita 11 linaingia mara 23 kamili kwenye mrefu. Kwenye mfupi yanaingia 15 yakinyooshwa hadi 11.07, tofauti isiyoonekana. Idadi zote mbili ni witiri, kwa hiyo daima kuna ua moja katikati kabisa, kwenye mhimili mmoja na nembo na jina. Ukipata idadi shufwa, katikati patakuwa na pengo, na cheti kitaonekana kimepinda bila mtu kujua kwa nini.

Mistari ya nakshi haishuki chini ya pointi 0.75. Cheti hiki kitapigwa fotokopi mara nyingi kuliko kitakavyoangaliwa chenyewe, kwa ajili ya nakala za kuthibitishwa, na mstari wa pointi 0.25 hukatika kwenye nakala ya kwanza. Ua hafifu lililokuwa nyuma ya maandishi nalo limefutwa: rangi ya asilimia 8 iligeuka vumbi la madoa juu ya jina.

Sahihi na mhuri

Kimo cha eneo la maandishi ni milimita 136, na 20 kati ya hizo zimetengwa juu ya mistari ya sahihi, haziguswi. Toleo la tatu lilitoa 12, sahihi ya majaribio ikapanda kwenye mistari ya maelezo. Kila mstari una milimita 65. Katikati yake panabaki 93, ambapo mhuri wa milimita 40 unakaa na nafasi ya 26.5 kila upande. Anayegonga akitaka mhuri ugusane na sahihi, ausogeze upande.

Chini ya sahihi hakuna rangi yoyote. Kalamu ya wino huteleza juu ya wino wa unga wa printa ya leza na kuacha mstari uliokatika. Kadi ni ya gramu 200 isiyong’aa, kwani kwenye inayong’aa wino wa mhuri unabaki mbichi na kupaka cheti kinachowekwa juu yake.

Maneno

"Inathibitishwa kuwa", jina, kisha "amehitimu mafunzo ya ushonaji ya miaka miwili na kufaulu". Basi. "Kwa heshima na taadhima" ilikuwepo toleo la kwanza. Ilikula mstari mzima, na urasmi haukuongezeka. Faida ya Kiswahili hapa ni kwamba "amehitimu" inamfaa mwanamke na mwanamume, hivyo faili ni moja.

Kilichobaki: kuchapa vyeti vitatu, cha jina refu, cha jina fupi na cha lenye ng’, kuvitia sahihi na mhuri, kisha kuvipiga fotokopi, na nakala ipigwe fotokopi tena. Jina likisomeka kwenye nakala ya pili kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, faili linaenda kwa mchapaji.