Kilichokuwa kinanimaliza si hela ya mama, ni "dharura"

Ukitaka kunikera, niambie "jifunze kusema hapana". Ushauri huo nimepewa na watu wengi, na karibu wote hawana mtu anayewategemea nyumbani. Mmoja alinishauri nitume nyumbani asilimia kumi ya mshahara halafu nizime simu mpaka mwisho wa mwezi. Nilijaribu. Simu ilipozimwa watu wa nyumbani walimpigia mwenzangu ninayeishi naye, na asilimia kumi ikaendelea kutoka pale pale, pamoja na hela za "dharura". Sasa niwaeleze kilichonisaidia, maana leo akiba yangu inapanda na mama bado ananiombea dua.

Kwanza nilikaa na taarifa ya benki na jumbe za miamala za mwaka mzima. Jioni moja iliisha, na nusu ya muda nilikuwa natukana kimoyomoyo. Kila nilichotuma nyumbani nilikiandika kwenye daftari: tarehe, kiasi, nani, na cha nini. Hiyo "cha nini" ndiyo iliyonifungua macho, msiiruke.

Ili tusigombane kuhusu fedha za nchi gani, tuseme mshahara ni 1,000 kwa mwezi. Pango, chakula, nauli na bili zangu zinakula kama 650. Hela ya mama ya kila mwezi ilikuwa 120. Kwa hiyo kichwani mwangu nilikuwa mtu anayeweka akiba 230 kila mwezi, tajiri mtarajiwa! Lakini salio halikuwahi kuniunga mkono. Daftari likanionyesha kwamba nje ya ile 120, nilituma kama 1,700 nyingine kwa mwaka kwa jina la dharura. Ukigawa kwa miezi ni zaidi ya 140. Yaani dharura zilizidi hela ya mama mwenyewe.

Nikarudia ile safu ya "cha nini" nikiwa na kalamu nyekundu. Ada ya watoto wa dada, kila muhula. Bima ya afya ya wazazi, mara moja kwa mwaka. Kodi ya chumba cha mdogo wangu anayesoma. Jamani, shule hufunguliwa kila mwaka! Tarehe inajulikana kabla hata mwaka haujaanza, ila mimi nilikuwa naipokea simu ya ada kama habari ya msiba. Kati ya ile 1,700, kama 1,100 ilikuwa mambo ya kalenda. Dharura za kweli, yaani ugonjwa, msiba, paa kung'oka, zilibaki kama 600.

Hapo wengi wangekwambia tatizo limeisha. Halijaisha. Ukigawa 1,100 na 600 kwa miezi kumi na miwili na kuongeza ile 120, jumla inarudi pale pale, kama 260. Kupanga peke yake hakupunguzi hata senti, kunakuonyesha tu deni lako kwa sura yake halisi. Kwa hiyo niligeuza hesabu. Nilianzia upande wangu: matumizi 650, akiba 150 inayokatwa siku mshahara unapoingia, kabla sijaigusa. Kilichobaki, 200, ndicho cha nyumbani. Nikakigawa mafungu matatu: 90 ya mama, 70 ya mambo ya kalenda, 40 ya dharura. Fungu la kalenda na la dharura yana akaunti yao, mbali na ninayotumia kununulia sabuni. Hela zikikaa pamoja, utaamini zote ni zako.

Mazungumzo na mama niliyaogopa kuliko yote. Sikumwambia nimepunguza. Nilimpelekea orodha ya mwaka: ada mwezi fulani, bima mwezi fulani, kodi, na kiasi nitakachobeba kwa kila kimoja. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo ya ada ipo tayari?" Nikamwambia ipo. Kumbe kilichokuwa kinamnyima usingizi ni kutojua kama nitapokea simu. Ile 90 hakuilalamikia. Pengo la kalenda, kama 20 hivi kwa mwezi, kaka amelibeba, kwa sababu kwa mara ya kwanza aliona kwa maandishi nani analipa nini. Ada nailipa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule na stakabadhi naomba nitumiwe. Wengine huona ni kutoaminiana. Waone.

Sasa ujanja ninaojivunia. Fungu la dharura nilimkabidhi dada yangu mkubwa alisimamie. Hela nakaa nayo mimi, uamuzi ni wake. Kila mwisho wa mwezi naandika salio kwenye kundi la familia, kila mtu aone. Anayetaka kitu ananipigia, namjibu kwa adabu zote, "Shikamoo mjomba, mweleze dada, yeye ndiye mwenye mfuko." Mjomba wangu alidondosha simu yake majini, akaja kwa dada akiwa na uso wa kufiwa. Dada akamwambia, "Mjomba, kilichopo ni cha hospitali ya mama. Nikitoe?" Mjomba akakohoa: "Aa, nilikuwa nauliza tu." Mimi ningemtumia siku ileile. Nikiwa mbali, mfuko wangu unaonekana hauna mwisho. Ukiwa na salio linalosomeka, kila mwombaji anajua anamchukulia nani.

Faida nyingine sikuitarajia. Zamani nilituma vijihela vidogo vidogo kila wiki, na kila mara nilikatwa. Penye makato ya kudumu, kutuma 30 mara nne ni kulipa makato mara nne kwa hela ileile. Siku hizi natuma mara moja. Na msidanganywe na tangazo la "kutuma bure": faida yao wanaipata kwenye kiwango cha kubadilishia fedha. Mimi naingiza kiasi kilekile kwenye huduma mbili tatu, naangalia mama atapokea ngapi mkononi, basi. Umoja wa Mataifa uliweka lengo kwamba gharama ya kutuma isizidi asilimia 3 ifikapo 2030, lakini wastani wa dunia bado uko juu ya asilimia 6. Nyie pigeni hesabu ya mwaka mzima muone kama si hela ya muhula.

Mfumo una mipaka yake. Mama alipofanyiwa upasuaji, fungu la dharura lilitosha nusu tu. Nusu nyingine niliichota kwenye akiba yangu, na sijutii. Ila niliiandika kama mkopo, nikatangaza kwenye kundi, na kwa miezi iliyofuata ile 40 ikawa inarudi kwenye akiba mpaka deni likaisha. Katika kipindi hicho salio la mfuko lilisomeka sifuri, na simu zilipungua zenyewe.

Kipimo changu ni kimoja: siku moja kabla ya mshahara natazama akiba. Ikiwa chini kuliko mwezi uliopita na hakuna mkopo ulioandikwa, kuna mtu amepita mlango wa nyuma. Mara nyingi ni kaka, ambaye mpaka leo ananipigia usiku na kuanza na, "Usimwambie dada." Namwambia dada.