Nilivyoituliza S ya shangazi bila kumpa kithembe

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu, anaishi Mkomani, Lamu. Sauti yake ni ya kupendeza, lakini ina S kali sana. Ukikaa naye barazani huitambui, kwa kuwa upepo na umbali huimaliza. Tulipoamua kurekodi simulizi yake ya historia ya Siyu, mji wa kisiwani Pate, kwa ajili ya wanafunzi, na maiki ikawekwa karibu na mdomo wake, kila S ilitoka kama sindano. Naandika jinsi nilivyoishughulikia, kwa sababu maelezo mengi niliyowahi kusoma kuhusu kazi hii yanamfikiria msomaji wa Kiingereza. Kiswahili kina mambo yake.

Kwanza, kwa nini maiki iwe karibu vile. Chumba chenyewe ni cha nyumba ya mawe, kuta nene zenye lipu ya chokaa. Kuta hizo huzuia vizuri kelele za nje, lakini ndani sauti inagonga na kurudi. Tulijaza nguo kwenye zidaka, tukasimamisha magodoro nyuma yake, na bado mwangwi ulibaki. Dawa iliyosalia ilikuwa ni kusogeza maiki hadi kama sentimita 12 kutoka mdomoni, ili sauti yake iushinde mwangwi kwa mbali. Gharama yake ni S. Hewa ya S hutoka katikati ya meno ikaenda mbele moja kwa moja, na maiki ya kondensa iliyoelekezwa mdomoni huipokea yote. Maiki nyingi za aina hiyo pia zimetengenezwa zikiinua kidogo sauti za juu ili maneno yasikike wazi, na hapo ndipo S inapokaa.

Sentensi niliyoichagua kufanyia kazi ilikuwa hii: "Katika miaka ya 1840 majeshi ya Sultani Seyyid Said yalishindwa Siyu." Ina S za kutosha, na ndani yake kuna SH mbili. SH ndiyo iliyonifundisha mengi.

Niliikuza sentensi kwenye skrini, nikakata kipande kidogo cha S ya "Siyu" peke yake, nikatazama picha ya masafa yake. Nguvu ilianza kupanda kwenye hezi 5,500 hivi, ikafika kilele karibu na 7,000, kisha ikateremka taratibu. Nikafanya vivyo hivyo kwa SH ya "yalishindwa". Kilele chake kilikuwa chini sana, karibu na hezi 3,500. Kwa hiyo kelele iliyokuwa ikichoma sikio ni ya S, na SH ilikuwa na mahali pake pengine kabisa, haikumsumbua mtu. Ukifungua diesa, yaani kifaa cha kutuliza S, na kuiacha ishike kuanzia hezi 3,000 kwenda juu, utazikandamiza zote mbili, na msimulizi atasikika kama amefunikwa leso mdomoni. Vilele hivi hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa wanaume wengi S hukaa chini kidogo kuliko kwa wanawake, kwa hiyo namba za shangazi si za kunakili. Cha kunakili ni kule kuipima S na SH kila moja peke yake kabla ya kugusa chochote.

Natumia Reaper, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, na ndani yake kuna ReaXcomp, ambayo ni kompresa ya mikanda: inaigawa sauti kwa masafa na kubana kila mkanda peke yake. Diesa kwa kweli ni kompresa inayosikiliza mkanda mmoja wa masafa na kuubana pale tu unapozidi kiwango, kwa hiyo ReaXcomp inaifanya kazi hiyo vizuri. Nilipunguza mikanda ikabaki mitatu: wa chini hadi hezi 5,500, wa kati kutoka hapo hadi 10,000, na wa juu yake. Wa chini na wa juu niliiweka kwenye uwiano, Ratio, wa 1, yaani isiguse kitu. Nikahakikisha hakuna nyongeza ya sauti inayojiweka yenyewe baada ya kubana, kwa sababu hiyo ingerudisha kile ninachokiondoa.

Kisha nikausikiliza mkanda wa kati peke yake. Hii ni hatua ninayoipenda, kwa sababu sikio linapata ushahidi wake. Unapousikiliza hivyo, irabu zinabaki kama mnong'ono wa mbali na S zinaruka mbele moja moja. Ikiwa bado unayasikia maneno mazima, mkanda umeanza chini mno. Nilipotoka kwenye usikilizaji huo, S za shangazi zilikuwa zinafika desibeli 15 chini ya sifuri, na irabu katika mkanda huohuo hazikukaribia hata 30. Pengo hilo ndilo linalokuruhusu kuweka kizingiti bila kuzigusa irabu. Niliweka kizingiti hicho, Threshold, kwenye -22 na Ratio kwenye 4. S inakivuka kizingiti kwa desibeli 7, inaruhusiwa robo yake tu, kwa hiyo inashushwa desibeli 5 na kidogo.

Kasi ya kubana na kuachia ina uzito mkubwa katika lugha yetu. Silabi zetu nyingi huishia na irabu, na S mara nyingi hufuatwa na irabu papo hapo: sa, si, su. Diesa ikichelewa kuachia, mwanzo wa irabu inayofuata unapoteza mng'ao wake, na "Sultani" inaanza kama imetoka chumba cha pili. Niliweka Attack kwenye milisekunde 1, na Release kwenye 50. Nilipoisogeza Release hadi 200 ili nisikie tofauti, "Seyyid Said" ilififia kote, kwa kuwa kabla diesa haijaachia S ya kwanza, ya pili ilikuwa imeshafika.

Sasa swali la kiasi. Nilimwandalia shangazi matoleo ya sentensi ileile: moja S imeshushwa desibeli 3, moja 5, moja 10. Sikumwambia ipi ni ipi. Alivaa hedifoni, akafumba macho. Kwa la kwanza alisema, "Bado inachoma, mwanangu." La pili akalipita bila neno, jambo ambalo kwangu lilikuwa jibu zuri kuliko sifa. La tatu likamfanya avue hedifoni.

"Huyu ana kithembe. Mimi sina kithembe."

Alikuwa sahihi. S iliyobanwa mno hupoteza sehemu yake ya juu, na kinachobaki kinaelekea TH. Kwetu hilo si suala la ladha tu. Shangazi alikuwa ameeleza pia ufundi wa Siyu, na katika sehemu hiyo yanatokea "samani" na "thamani" karibu karibu. Kwenye toleo la desibeli 10 mwanafunzi asingeweza kuyatenganisha bila kuangalia maneno ya jirani. Tangu hapo jozi hiyo ndiyo kipimo changu: nikisikiliza samani na thamani kwa sauti ndogo na nikasita hata kidogo, narudisha kizingiti juu.

Kuna jambo la mpangilio ambalo huwatatiza wengi, na hesabu yake ni nyepesi. Simulizi hupitishwa pia kwenye kompresa ya kawaida ili sauti isipande na kushuka mno. Je, diesa ikae kabla au baada yake? Chukua irabu ya shangazi inayofika -10 na S yake inayofika -15. Tofauti ni desibeli 5, S iko chini. Kompresa yenye kizingiti cha -18 na uwiano wa 3 itaishusha irabu hadi kama -15.3, na S hadi -17. Tofauti iliyokuwa 5 imebaki chini ya 2. Hakuna aliyeiongeza S, ila irabu imeteremshwa ikaifuata, na ukipandisha sauti nzima baadaye, S inapanda nayo. Ukianza na diesa, S inaingia kwenye kompresa ikiwa -20, chini ya kizingiti, inapita ilivyo. Irabu -15.3, S -20, na tofauti imerudi karibu 5. Nilisikiliza mipangilio yote miwili kwa sentensi ileile, na ule wa diesa kutangulia ndio uliokaa.

Lakini diesa hii ina udhaifu ambao lazima uuandalie: kizingiti chake hakihami. Shangazi akianza aya huwa na nguvu, akifika mwisho wake sauti inashuka kama ya mtu anayefunga kitabu. S za mwishoni mwa aya zilikuwa hazifikii -22, zikapita bila kuguswa, na kwa kuwa irabu zake nazo zilikuwa ndogo, S hizo zilisikika kali kuliko za mwanzo. Kushusha kizingiti kwa ajili yao kungezikaba za mwanzo. Nilichofanya ni kusawazisha sauti ya vipande kwa mkono kabla ya diesa: nakata aya mahali anapovuta pumzi, napandisha kipande kilichoshuka desibeli 3 au 4, ndipo diesa inakipokea kikiwa sawa na wenzake. Ni kazi ya subira, ila inaifanya diesa iwe na tabia moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Zikabaki S chache zilizokuwa na mluzi mwembamba ndani yake, hasa kwenye "visiwa". Mluzi ni masafa machache sana yenye nguvu nyingi, na mkanda mpana hauwezi kuuondoa bila kuiua S nzima. Hizo nilizikata peke yake kwenye skrini, nikazishusha desibeli 4 kila moja, nikalainisha kingo za mkato kwa milisekunde 5 ili pasisikike mlio wa kugonga. S iliyopasuka wakati wa kurekodi, yaani iliyogonga dari ya kipimo, haina msaada wa diesa hata kidogo. Hiyo inasomwa upya.

Ukaguzi wa mwisho niliufanya kwenye spika ya simu, si kwenye hedifoni pekee. Spika ndogo za simu hazina sauti za chini, kwa hiyo sehemu ya juu hujitokeza, na wanafunzi wengi wangesikiliza huko huko. Nilipunguza sauti hadi irabu zikawa hafifu. Hapo S ikiwa bado inaruka peke yake, kazi haijaisha.

Kwa sehemu ya pili ya simulizi maiki ilikaa umbali uleule, ila niliizungusha kando kama digrii 30, ikaangalia pembe ya mdomo badala ya meno. S ziliingia zikiwa laini zaidi, na kwa Threshold ileile ya -22 diesa ilikuwa inashusha desibeli 2 au 3 tu. Niliiacha hapo hapo.