Siku moja maishani mwangu: mchapaji wa barua Darajani, Zanzibar

Saa 1 asubuhi nafungua kiduka, nafuta vumbi, nakunywa chai na boflo. Mpaka saa 3 ni fotokopi za vitambulisho na fomu za skuli, kurasa 2 hapa, 5 pale. Watu wakiniona nyuma ya kompyuta hudhani kazi yangu ni kubonyeza herufi tu.

Saa 3 na nusu akaingia kijana, macho mekundu, barua imekunjwa mara nne mfukoni.

“Shikamoo, bi mkubwa. Nataka barua ya kuwajibu hawa watu.”

Ni msaidizi wa jikoni, hoteli moja ya upande wa Paje, miaka 6 kazini. Aliacha mlango wa chumba cha baridi wazi usiku, samaki kilo 18 wakaharibika. Ameachishwa kazi. Kanuni za hoteli zinampa siku 5 za kazi kukata rufaa, na leo ndiyo ya tano. Ofisi inafungwa saa 10 jioni na gari mpaka kule ni saa nzima na zaidi. Tena kaja na rasimu yake! Mistari ya mwanzo: “Mmenionea, Mungu atawalipa.” Ya mwisho anaomba msamaha apewe kazi nyingine yoyote.

Nikamwambia, mwanangu, hizi ni barua mbili zinazogombana. Anayeomba msamaha amekubali hukumu. Anayekata rufaa anasema hukumu iangaliwe upya, na anaonyesha wapi.

Katikati alikuwa amenakili mfano wa mtandaoni: sheria ya mwaka 2004 na Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hayo ya Bara. Kazi si jambo la Muungano, huku tuna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005. Afisa akiona umetaja sheria isiyomhusu, hata hoja zako nzuri atazisoma kwa kicheko. Nikafuta.

Halafu nikaanza kumhoji, na hapo ndipo asubuhi yangu ilipoishia. Aliitwa lini kikaoni? Ujumbe wa simu saa 5 usiku, kikao saa 2 asubuhi. Nani aliongoza? Msimamizi wake, huyohuyo aliyemripoti. Ulionyeshwa daftari la joto la chumba? Hapana. Mwenzako wa zamu ulimwomba awe shahidi? Niliomba, wakasema hakuna haja. Kila jibu alilifungia na tusi, nami kila tusi nikaliacha hewani. Umeme ukakatika mara moja, nikaendelea kwa kalamu.

Kilichotushinda kwa muda mrefu ni mlango. Hataki kuandika kwamba aliuacha wazi.

“Nikikubali si nimejimaliza?”

Aliyeukuta mlango wazi yupo, kusaini zamu amesaini yeye. Akikana hilo moja, hakuna atakayemwamini anayosema kuhusu kikao wala kuhusu daftari. Akilikubali, mjadala unahama: si tena kama alikosa, bali kama kosa hilo moja linastahili kufukuzwa. Alinyamaza mpaka adhana ya adhuhuri, kisha akasema, “Andika basi.” Nikaandika:

“Nakiri kuwa sikuhakikisha mlango umefungwa, na najutia hasara iliyotokea. Hata hivyo, nilipewa taarifa ya kikao chini ya saa 10 kabla, usiku. Kikao kiliongozwa na aliyeleta tuhuma. Na ombi langu la shahidi lilikataliwa. Katika miaka 6 sijawahi kupewa onyo la maandishi. Mwaka jana mfanyakazi mwengine wa jikoni aliacha mlango huohuo wazi, akapewa onyo. Kwa heshima, naomba rufaa isikilizwe na mtu ambaye hakushiriki uamuzi wa awali, na adhabu ibadilishwe kuwa onyo la maandishi.”

Jina la yule mwenzake alitaka liwemo. Nikakataa, hoja ni adhabu, na hoteli inamjua. Juu tukaweka kichwa: RUFAA DHIDI YA UAMUZI WA KUACHISHWA KAZI, na tarehe ya barua yao. Ukurasa mmoja na robo. Akauliza mbona fupi hivi, shilingi elfu tatu nzima!

Saa 7 na dakika 20 nikampa nakala 2. Moja waachie, ya pili wagonge muhuri na kusaini, tarehe na saa. Wakikataa, usitoke na barua. Iache mezani, andika kwenye nakala yako umemkabidhi nani, saa ngapi, kisha piga picha.

Baada ya hapo sikumbuki vizuri. Kadi za harusi 200 zenye jina la bwana harusi limekosewa, mama aliyegombana nami kwa rangi ya wino, mgongo. Alasiri nimeswali nimekaa.

Karibu na magharibi simu ikalia. Picha: nakala yetu, muhuri wa bluu umekaa upande, saini ya katibu muhtasi, saa 9 na dakika 50.

Chini yake kaandika, “Bi mkubwa, wamenipangia Jumatatu, na si yule msimamizi.” Nikarudi kwenye kadi za harusi.