Kupima tipa ya mchanga: uzi mmoja, vipimo viwili

Hapa Arusha mchanga, kokoto na moramu vinauzwa kwa tripu. Muuzaji akiulizwa ujazo hutaja gari: Fuso hii ni kyubiki 8, Kenta ile ni 3. Namba hiyo inazungumzia chombo, na hata chombo chenyewe mara nyingi hakijapimwa vizuri. Kwenye ujenzi ninaousimamia Moshono silipi tena kwa jina la gari. Ninalipa kwa kyubiki iliyomwagwa uwanjani. Vifaa ninavyotumia ni tepu ya mita 5, uzi wa fundi, chaki na vipande viwili vya mbao ya mbili kwa mbili vyenye urefu wa sentimita 40 kila kimoja. Kazi inahitaji watu watatu, na dereva anaweza kuwa mmoja wao.

Makubaliano hufanyika kwenye simu, gari likiwa bado halijapakia. Namwambia muuzaji mambo mawili: bodi itapimwa kwa ndani, na kipimo kitachukuliwa uwanjani kwangu, siyo machimboni. Akikataa, natafuta mwingine. Kumletea dereva tepu baada ya kufika ni kuanzisha ugomvi na mtu ambaye hakupanga bei.

Chukua Fuso moja ya magurudumu sita iliyokuja na jina la kyubiki 8. Namba 8 haikuokotwa hewani. Ukipima bodi yake kwa nje unapata urefu mita 4.35, upana 2.30 na kimo 0.80, ukizidisha unapata 8.00. Lakini kipimo cha nje kimejumuisha nguzo za chuma za ubavuni, unene wa mlango wa nyuma, na kwa chini, sakafu pamoja na vyuma vinavyoibeba. Mchanga haukai humo. Kwa ndani bodi hiyo hiyo ina urefu 4.20, upana 2.15 na kimo 0.70, yaani kyubiki 6.32. Zaidi ya kyubiki moja na nusu imeishia kwenye vyuma kabla hatujauliza kama gari limejazwa. Upana wa ndani upime mbele na nyuma, juu na karibu na sakafu, kisha uchukue wastani, maana bodi zilizogongwagongwa hutanuka katikati na zile zilizochomelewa mtaani hazina pembe mraba.

Sasa kujaa. Mchanga haulali tambarare ndani ya tipa. Kijiko kikipakia, huacha kilima katikati na pembe zikiwa chini, na jicho la mnunuzi hushikwa na kilima. Unaweza kumwomba utingo asawazishe kwa koleo, lakini kazi hiyo ni ndefu, na mimi naona kipimo cha uzi ni cha haki zaidi kwa pande zote mbili.

Nagawa urefu wa ndani mara tatu na upana mara tatu, nipate vyumba tisa vilivyo sawa, halafu napima katikati ya kila chumba. Kwa bodi hii, chaki inawekwa kwenye kingo za pande zote mbili, mita 0.70, 2.10 na 3.50 kutoka mbele. Kwenye uzi natia alama za wino sentimita 36, 108 na 179 kutoka ukingo mmoja. Usipime pembeni kabisa wala juu ya kilele tu. Pembeni patakuonyesha upungufu mkubwa kuliko uliopo, kileleni patamfurahisha dereva.

Watu wawili wanasimamisha vibao vya sentimita 40 juu ya kingo, kila mmoja upande wake, uzi ukiwa umefungwa kwenye ncha za juu na kuvutwa hadi usilegee. Vibao vina kazi moja: kuuinua uzi upite juu ya kilima bila kukigusa. Mtu wa tatu anashusha tepu kutoka kwenye alama ya uzi hadi kwenye mchanga na kusoma. Asimame kati ya mistari, asikanyage sehemu itakayopimwa. Kama mzigo ni kokoto, aweke kwanza kipande cha ubao bapa juu yake, vinginevyo tepu itatumbukia kwenye mianya. Ubao huo huo autumie pia bodi ikiwa tupu, ili unene wake ujifute wenyewe.

Kwenye Fuso hii masomo yalikuwa hivi, kwa sentimita, kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari wa mbele: 56, 49, 57. Wa katikati: 44, 34, 45. Wa nyuma: 52, 46, 49. Jumla ni 432, ukigawa kwa 9 unapata wastani wa 48. Kwa kuwa uzi uko sentimita 40 juu ya ukingo, mchanga kwa wastani uko sentimita 8 chini ya ukingo, ingawa katikati umepanda sentimita 6 juu yake. Ukiliangalia gari hilo ukiwa barabarani utaapa limejaa hadi linamwagika.

Wengi huishia hapo, wakatoa 8 kwenye kimo cha 70. Mimi nangoja limwage, nipime tena kwa uzi ule ule na alama zile zile. Sababu ni kwamba sakafu ya tipa iliyozeeka imebonyea, na mchanga mbichi au moramu hubaki umeganda kwenye pembe za mbele hata bodi ikinyanyuliwa hadi mwisho. Mzigo uliorudi na gari haukuuzwa. Hakikisha bodi imeshuka kabisa na injini imezimwa ndipo mtu apande. Hakuna kuchungulia chini ya bodi iliyonyanyuliwa, na kabla haijanyanyuliwa tazameni nyaya za umeme juu.

Masomo ya bodi tupu: mbele 104, 108, 105, katikati 110, 110, 109, nyuma 109, 108, 109. Jumla 972, wastani 108. Mbele namba ni ndogo kwa sababu ya mchanga ulioganda. Tofauti ya wastani mbili ni 108 kutoa 48, yaani sentimita 60. Hicho ndicho kina cha mchanga ulioshuka uwanjani, na urefu wa vibao hauna tena maana kwa sababu umo kwenye vipimo vyote viwili.

Eneo la ndani ni 4.20 mara 2.15, sawa na 9.03. Zidisha kwa 0.60 upate 5.42. Bado kitu kimoja: tipa nyingi zina kisanduku cha jeki kilichoingia ndani ya bodi mbele katikati. Hapa kilikuwa na upana 0.45 na kina 0.35, na kwa kuwa mstari wa kwanza wa chaki uko mita 0.70 kutoka mbele, uzi hukiruka. Ujazo wake kwenye kimo cha 0.60 ni 0.09. Mchanga uliopokelewa ni kyubiki 5.33.

Kwa hesabu ya mfano, tuseme tripu ni shilingi 240,000. Aliyeamini kyubiki 8 anadhani kanunua kwa 30,000 kila moja. Kwa 5.33, kanunua kwa 45,000. Hapo ndipo muuzaji aliyeonekana ghali kwenye simu, mwenye gari dogo lakini lililopimwa, anaweza kuwa rahisi kuliko huyu.

Usigombanie vijipande. Kwenye bodi ya ukubwa huu kila sentimita moja ya wastani ni kyubiki 0.09, na watu waangalifu wanaweza kukosea sentimita moja au mbili. Tofauti isiyofika kyubiki 0.2 mimi huiacha ipite.

Jibu utakalolisikia ni, "Bosi, mchanga umeshuka njiani." Linaweza kuwa kweli, kwa sababu barabara mbovu huutikisa mzigo ukajipanga. Tazama kuta za ndani. Mchanga mbichi huacha mstari wa unyevu na punje pale ulipokuwa umefika wakati wa kupakia. Mstari ukiwa karibu na ukingo na mchanga uko chini yake, dereva anasema kweli. Kuta zikiwa kavu na safi juu ya mchanga, haukufika hapo kamwe. Na ukiona nyayo na alama za koleo upande mmoja, sehemu ya mzigo huenda imepunguzwa kabla ya kukufikia. Kwa vyovyote mimi nalipa kilichofika, kama tulivyokubaliana, lakini ni vizuri kujua uzungumze na nani.

Jambo linalowachanganya hata mafundi ni kuvimba kwa mchanga. Mchanga wenye unyevu kidogo huchukua nafasi kubwa kuliko ukiwa mkavu au ukiwa umeloa chapachapa, kwa sababu utando wa maji husukuma punje zisikaribiane, na mchanga laini huvimba zaidi ya mnene. Pima kwa kopo la rangi la lita 4, siyo ndoo, maana kopo lina kuta zilizonyooka. Jaza mchanga bila kuushindilia hadi sentimita 15. Umwage pembeni, tia maji nusu kopo, urudishe mchanga taratibu ukikoroga, usawazishe juu. Ukilala kwenye 12.5, gawanya 15 kwa 12.5 upate 1.2: umevimba asilimia 20. Kwa kipimo hicho kyubiki 5.33 zinakaribia 4.44 za mchanga usiovimba. Sikati fedha kwa hesabu hii isipokuwa tulipatana mapema, kwa sababu mchanga wa kwenye gari umeshajipanga kidogo kuliko wa kwenye kopo. Naitumia kwa fundi wa zege, anayepima kwa karai: asipoongeza mchanga, mchanganyiko wake utakuwa na mchanga pungufu na saruji itaisha mapema. Kokoto hazina tatizo hili.

Bodi zilizoongezewa mbao juu zinahitaji jicho. Mara nyingi mbao ziko ubavuni tu, mlango wa nyuma ukiwa chini zaidi, hivyo mchanga hauwezi kusimama hadi juu kule nyuma. Kamwe usizidishe kimo cha mbao kwa urefu wote wa bodi. Vibao vya uzi visimamishwe juu ya mbao hizo pande zote mbili, mbele hadi nyuma, na kila kitu kitajihesabu chenyewe.

Mawe ya msingi siyapimi hivi, kwa sababu mianya kati yake ni mikubwa na tepu haina pa kutua. Hayo nayapanga uwanjani kwa rundo la mstatili, kimo mita moja, nalipia rundo.

Vipimo vya ndani naandika kwenye daftari pamoja na namba ya gari, masomo ya bodi tupu yakiwemo. Gari likirudi, ni masomo tisa ya juu tu, na chungulio la pembe za mbele baada ya kumwaga. Nikiona fundi amechomelea bati jipya ndani au mlango umebadilishwa, ukurasa wa gari hilo naufuta na kupima upya.