Mapipa mawili na konokono mmoja: nilivyopambana na kichocho nyumbani

Mwanangu wa miaka tisa ndiye aliyeniambia. Mkojo ulianza vizuri, matone ya mwisho yakatoka mekundu. Tulipeleka mkojo wa asubuhi na mapema, maabara ikasema hana kitu. Mtaalamu mwingine akatuambia turudi saa sita mchana, mtoto aruke kamba kidogo kwanza, kisha tukinge hasa yale matone ya mwisho, maana mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi mchana. Safari hii yakaonekana kwenye hadubini, kila moja na mwiba wake mwishoni.

Alikuwa na kilo 22, akapewa prazikwanteli kidonge kimoja na nusu baada ya kula. Nikadhani yamekwisha. Wiki sita baadaye mayai yalikuwepo tena, na hakuwa amegusa ziwa tangu siku ile. Nikaelezwa kwamba dawa huua minyoo iliyokomaa tu. Aliyoipata wiki chache kabla ya matibabu ilikuwa bado michanga, ikanusurika, ikakua. Dozi ya pili ndiyo iliyoimaliza.

Ikabaki shida ya maji, kwa sababu ya kuogea yote tunayachota ziwani. Mkojo wenye mayai ukifika majini, vijidudu huanguliwa na kumwingia konokono. Baada ya wiki kadhaa, konokono huyo huanza kutoa lava, yaani vijidudu vichanga vya kichocho, kila siku jua linapowaka, na lava hao hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu. Lakini wakikosa mtu, hawafikishi siku mbili. Hapo ndipo nilipopata pa kushika.

Nina mapipa mawili yenye mifuniko. La kwanza nikilijaza Jumatatu jioni, haliguswi mpaka Jumatano jioni. Wakati huo tunatumia la pili. Maji nayachuja kwa kitambaa, si kwa ajili ya lava, kwani wao hupita, bali konokono asiingie. Wiki ya tatu nilimkuta mmoja, mdogo kama punje ya dengu, amenata ukutani ndani ya pipa. Yote niliyoyasubiri yalikuwa bure, kwa kuwa aliye na maambukizi humwaga lava wapya kila siku. Nikamwaga maji yote nchi kavu, nikasugua pipa, nikaanza kuhesabu upya. Sasa nalimulika kwa tochi kila ninapojaza. Ya kunywa bado tunachemsha, maana kusubiri hakuui vijidudu vya kuhara.

Anayechota ndiye aliye hatarini zaidi, kwa hiyo kazi hiyo nimeichukua mimi. Naenda alfajiri, lava wakiwa wachache, nimevaa buti ndefu za mpira, na siingii kwenye majani ya ukingoni wanakonata konokono. Hata hivyo mikono hulowa, ndiyo maana nami napima mkojo wangu, mchana.